Tupeni Muda wa Kusoma Madaftari Pamoja

Kwa Mkurugenzi wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), Kaunti ya Kisumu



Ninakuandikia kwa niaba ya walimu wa hisabati wa sekondari msingi. Tangu Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 katika majengo ya shule za msingi, wengi wetu huku ufuoni tumekuwa peke yetu katika somo letu. Mwalimu anapanga kipindi peke yake, anasahihisha peke yake, na akikwama hana wa kumuuliza. Ombi letu ni kwamba walimu wa hisabati wa shule jirani waruhusiwe kukutana saa mbili kila baada ya wiki mbili, kila mmoja akiwa na madaftari ya wanafunzi wake mkononi.

Nieleze kinachofanyika hapo, maana mikutano tunayo tayari na si hiyo tunayoomba.

Baadhi yetu tumeshajaribu. Tulipofika kwenye desimali, sote tuliwapa wanafunzi wetu swali moja: ipi ni kubwa, 0.4 au 0.35? Waliochagua 0.35 hawakutushangaza, mtoto anaona 35, anaona 4, anaamua. Tulikuwa tayari kuwapa vema waliosema 0.4 na kusonga mbele, mwenzetu mmoja alipouliza: tunajuaje kwamba hawa wanaelewa? Tukaongeza swali la pili: 0.3 au 0.47? Baadhi ya waliopata la kwanza wakachagua 0.3. Tulipowauliza sababu, walisema sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, kwa hiyo nambari yenye tarakimu nyingi baada ya nukta lazima iwe ndogo. Swali la kwanza lilikuwa limewapa alama kwa hoja potofu.

Basi tukapanga madaftari katika mafungu matatu: wanaodhani ndefu ni kubwa, wanaodhani fupi ni kubwa, na wanaoelewa. Mwalimu aliye peke yake angeona vema na kosa tu.

Kisha tukapanga kipindi kwa pamoja. Wazo la kwanza lilikuwa mizani ya samaki, kwani watoto wetu wanaijua kutoka Dunga na fuo nyingine. Lakini mizani ya kidijitali huonyesha 0.400 na 0.350, na mtoto hulinganisha 400 na 350 kama nambari nzima. Anapata jibu bila kugusa thamani ya tarakimu. Tukaiacha mizani kwa ajili ya zoezi la mwisho, tukachukua ukanda wa karatasi uliogawanywa sehemu kumi, na kila sehemu ikagawanywa tena kumi. Katika 0.4 mtoto hupaka rangi vipande vidogo 40, katika 0.35 hupaka 35. Katika 0.47 anaziona sehemu nne kamili na vipande saba juu yake, na dhana kwamba ndefu ni ndogo inaanguka mbele ya macho yake.

Mmoja wetu alifundisha, wengine wakakaa kando ya wanafunzi wakiandika wanachofanya watoto; mwalimu hakukaguliwa. Baadaye tuliuliza maswali mawili mapya, 0.6 au 0.58, na 0.62 au 0.5, moja kwa kila aina ya kosa. Penye kosa lililobaki, kipindi kilirekebishwa kabla ya kufundishwa katika shule inayofuata.

Nchi yetu haianzi upya katika jambo hili. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu na shirika la Japani la JICA, uliwapa walimu wa hisabati na sayansi mafunzo, na leo CEMASTEA huko Karen inaendeleza kazi hiyo. Lakini mafunzo ya aina hiyo yanapofanyika likizoni, hakuna mwanafunzi wala daftari. Kosa la desimali huonekana Jumanne darasani, na linahitaji watu wa kuliangalia wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, muda huo uwe ndani ya ratiba, si Jumamosi, na nauli ya kufika shule jirani isitoke mfukoni mwa mwalimu. Pili, afisa wa mtaala wa kanda aje kama mwenzetu, akae na madaftari kama sisi. Tatu, kazi hii isiingizwe kwenye alama za TPAD. Mwalimu akijua anapimwa, ataleta madaftari bora, na yenye makosa tunayoyahitaji yatabaki kabatini.

Kumbukumbu za kundi zikisema tu kwamba "walimu walijadili changamoto", jua kundi hilo limeshakufa. Omba kuona mafungu ya madaftari na kipindi kilichobadilishwa kwa sababu yake.

Anzia kanda moja ya Seme kwa muhula mmoja. Muhula ukiisha, mtume afisa wako katika shule zilizoshiriki na shule ambazo hazikushiriki, aulize maswali mawili ya aina niliyoeleza. Majibu ya watoto ndiyo yaamue kama mpango uendelee.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Hisabati, Seme