Kabla ya Kushangilia Hisa Zimepanda, Uliza Bei Imetoka Wapi

Vikundi vingi vya wenzetu huku Ughaibuni vina hisa za kampuni ndogo za nyumbani ambazo haziko sokoni. Mwisho wa mwaka taarifa inatumwa kwenye grupu: hisa zimepanda, kila mtu ana hela zaidi. Sisi tunasema, kabla ya kushangilia, uliza hiyo bei imetoka wapi.

Kanuni ya kimataifa ya hesabu, IFRS 13, ambayo ilianza kutumika mwaka 2013, inasema thamani ya haki ni bei ambayo ungepata kama ungeuza leo kwa mtu asiye na undugu nawe wala shinikizo. Ushahidi wa bei hiyo umepangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni bei ya sokoni, kwa mfano hisa zinazouzwa na kununuliwa mara kwa mara kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hapo hakuna ubishi, unasoma bei ya siku ile. Ngazi ya pili ni kitu chako hakina bei sokoni, lakini vinavyofanana nacho vinayo. Ni kama kukadiria kiwanja kwa bei ya mita ya mraba ya viwanja vya jirani vilivyouzwa kweli juzijuzi. Ngazi ya tatu ni makadirio ya mtu. Hisa za kampuni ndogo isiyo sokoni huangukia hapa mara nyingi, na hapa ndipo hela zetu zinapopotea.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20 kina hisa 10,000 za kiwanda kidogo cha maziwa, yaani 500 kila mtu. Mlinunua kwa shilingi 1,000. Sasa mwenyekiti anasema hisa moja ni 2,500, kwa sababu kuna mtu amenunua kwa bei hiyo. Mkaguzi anayejua kazi yake hakatai wala hakubali. Anaomba mkataba wa mauzo na risiti ya benki, kisha anauliza mnunuzi ni nani na amenunua ngapi. Akikuta zimeuzwa hisa 40 tu, na mnunuzi ni shemeji wa mkurugenzi, basi hiyo si bei ya haki.

Baada ya hapo anapiga hesabu yake mwenyewe. Kampuni ina hisa 100,000, na hesabu zake zilizokaguliwa zinaonyesha faida ya shilingi milioni 15. Hiyo ni faida ya 150 kwa kila hisa. Tuseme kampuni zinazofanana nayo zilizoko sokoni zinauzwa kwa mara 8 ya faida yao: unapata 1,200. Lakini hisa zenu haziuziki haraka, kwa hiyo anapunguza, tuseme robo. Inabaki 900.

Hata hiyo 900 si Msahafu. Ukiweka mara 6 badala ya 8 unapata 675, ukiweka mara 10 unapata 1,125. Ndiyo maana mkaguzi mzuri anatoa kiwango cha chini na cha juu, na anaeleza kwa nini amechagua namba hizo. Ila kufika 2,500 ungehitaji zaidi ya mara 22 ya faida. Anayetaka namba hiyo alete ushahidi, siyo maneno.

Kwani inamuumiza nani? Dada mmoja mkataba wake umekwisha, anarudi nyumbani na anataka chake. Akilipwa kwa 2,500 anachukua 1,250,000. Kwa 900 ni 450,000. Ile 800,000 ya ziada haikutoka kiwandani, imetoka kwenye akiba ya nyinyi 19 mliobaki. Na bei ikikadiriwa chini mno, yeye ndiye anayedhulumiwa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kikundi kisimlipe anayeondoka kwa bei ya ngazi ya tatu mpaka wanachama wote waone karatasi zake. Karatasi hizo ni hesabu za kampuni zilizokaguliwa, mikataba ya mauzo ya karibuni, na hesabu ya makadirio yenyewe, hatua kwa hatua. Wakisema mthamini ndiye aliyepiga hesabu, uliza nani alimlipa na nani alimpa namba za kuanzia.

Kuna kipimo kingine ambacho wakaguzi hukitumia, nanyi mnaweza kukitumia mkiwa kwenye simu zenu. Chukueni bei ya makadirio ya mwaka jana, mlinganishe na hisa zilizouzwa kweli baada ya pale. Kama kila mwaka makadirio yako juu na mauzo yako chini, basi anayekadiria anapendelea upande mmoja. Hapo msisubiri mwaka mwingine, badilisheni mkadiriaji.