Itafika Kumi? Kauli Moja, Maswali Mawili

Mwaka 2008, kati ya mwezi Machi na Aprili, Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom kwa umma, kila hisa kwa shilingi 5. Wakazi wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na miji mingineyo iliyouzunguka Mlima Kenya walijaza fomu kama wenzao kote nchini. Kiwango cha chini cha maombi kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000, nayo maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, hata wengi wakagawiwa sehemu tu ya walichokiomba na kurudishiwa fedha zilizosalia. Kumbukumbu ya KenGen ilikuwa bado mbichi. Hisa zake ziliuzwa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006, nazo zilipoingia katika Soko la Hisa la Nairobi bei ikapanda zaidi ya mara tatu. Si ajabu basi kwamba swali la wakati ule lilikuwa moja: je, itafika kumi?

Swali hilo lina jibu la kihesabu, na jibu lenyewe si gumu kulipata kwa mtu aliye na logi na jedwali la mtawanyo wa kawaida. Tatizo lake liko kwenye kitenzi. “Kufika kumi” ni jambo moja, na “kuishia juu ya kumi” ni jambo jingine. Bei inayogusa shilingi 10 mwezi Oktoba kisha ikarudi 6 kufikia Juni imefika kumi, lakini haikuishia juu ya kumi. Jedwali, likitumiwa kwa namna ya kawaida ya vitabu vya uchumi na fedha, hulijibu swali la pili peke yake. Anayeuliza kwa kitenzi cha kwanza na kujibiwa kwa hesabu ya cha pili amepewa jibu la swali ambalo hakuuliza. Kosa hili si la wanahisabati tu. Ni la lugha, na linawahusu hasa wale wanaojifunza kuisema taaluma kwa Kiswahili.

Tuanze na hesabu yenyewe. Bei ya hisa haibadiliki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Hisa iliyopanda kutoka 5 hadi 10 imeongezeka kwa asilimia 100. Ikirudi 5 imepungua kwa asilimia 50 tu, ingawa imesafiri njia ile ile. Asilimia, kwa hiyo, hazilingani kwenda na kurudi. Logi asilia huliondoa tatizo hili: logi ya 2 ni 0.693, na logi ya nusu ni −0.693. Fauka ya hayo, bei haiwezi kushuka chini ya sufuri, na bei inayopatikana kwa kuirudisha logi haifiki huko kamwe. Ndiyo sababu wataalamu hudhani kwamba logi ya uwiano wa bei, wala si bei yenyewe, ndiyo inayofuata mtawanyo wa kawaida. Kanuni ni hii:

```
z = (ln(K/S) − m·T) / (s·√T)
```

S ni bei ya leo, K ni bei inayolengwa, na T ni muda kwa miaka. Herufi m ni ukuaji wa logi kwa mwaka, na s ni mkengeuko sanifu wa ukuaji huo, yaani kipimo cha jinsi bei inavyotapatapa. Uwezekano wa kuishia juu ya K ni eneo lililo upande wa kulia wa z katika jedwali.

Chukua mfano wa mkulima wa kahawa wa Mathira aliyenunua kwa shilingi 5, akitaka kujua hali ya mwaka mmoja baadaye. Tudhani m ni 0.10 na s ni 0.35. Logi ya 10/5 ni 0.693, toa 0.10, inabaki 0.593; gawanya kwa 0.35, unapata 1.69. Katika jedwali, mstari wa 1.6 na safu ya 0.09 vinakutana kwenye 0.9545. Hilo ndilo eneo la kushoto. La kulia ni 0.0455, kwa hiyo uwezekano ni kama asilimia 4 na nusu. Yapo majedwali yanayoanzia katikati, ambamo nambari hiyo hiyo huandikwa 0.4545, asiyetazama mchoro ulio juu ya ukurasa ataliongeza au kulipunguza eneo kwa nusu nzima. Njia rahisi ya kujikagua ni kutafuta z ya 0: jedwali likisema 0.5000 linahesabu kutoka kushoto kabisa, likisema 0.0000 linaanzia katikati.

Anayeiruka logi na kutumia asilimia ghafi hupata picha tofauti kabisa. Atasema ongezeko linalotakiwa ni 1.00, atoe 0.10, agawanye kwa 0.35, apate z ya 2.57 na uwezekano wa nusu ya asilimia moja. Amelipunguza jibu karibu mara tisa. Kadiri lengo linavyokuwa mbali na bei ya leo, ndivyo pengo hili linavyopanuka.

Sasa turejee kwenye kitenzi. Asilimia 4 na nusu ni uwezekano kwamba bei itakuwa juu ya 10 siku ya mwisho ya mwaka. Uwezekano wa kuigusa 10 wakati wowote ndani ya mwaka ni mkubwa zaidi, na sababu yake inaeleweka bila kanuni ndefu. Hebu fikiria njia zote za bei zinazoigusa 10 kabla ya mwisho. Kuanzia hapo, kama hakuna mwelekeo wa kupanda wala kushuka katika logi, nusu yake zitaishia juu na nusu zitaishia chini. Kwa hiyo wanaogusa ni maradufu ya wanaoishia juu. Katika mfano wetu upo mwelekeo mdogo wa kupanda, nao unapotiwa hesabuni jibu huwa kama asilimia 8 badala ya 9 kamili.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu wa kawaida. Mzazi anayehitaji karo mwezi Januari atauza siku hiyo kwa bei itakayokuwepo. Swali lake ni la kuishia, na jibu lake ni lile la jedwali. Aliyemwachia wakala wake agizo la kuuza mara tu bei itakapofika 10 anauliza la kufika, na nafasi yake inakaribia kuwa maradufu. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo tayari, na ni uzembe kuvichanganya katika tafsiri za masomo ya takwimu.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni “wastani”. Katika mfano wetu m ya 0.10 haimaanishi kwamba wastani wa bei unakua kwa kiasi hicho. Bei ya kati, ile ambayo nusu ya matokeo yako juu yake na nusu chini yake, ni shilingi 5.53. Wastani ni wa juu zaidi, kama shilingi 5.87, kwa sababu matokeo machache ya kupanda sana huuvuta. Kati ya logi za hizo mbili kuna nusu ya mraba wa s, yaani 0.061. Anayeambiwa na kijitabu cha mauzo kwamba ukuaji wa wastani ni 0.161 sharti autoe mraba huo nusu kabla ya kuingiza m katika kanuni. Akisahau, z inashuka hadi 1.52 na jibu linapanda hadi asilimia 6.4 bila sababu yoyote.

Hisa ikitapatapa zaidi, mambo hugeuka kichwa chini. Weka s ya 0.60 na uuache wastani ule ule. Sasa m ni 0.161 ukitoa 0.18, yaani −0.019. Wastani wa bei bado unapanda hadi 5.87, lakini uwezekano wa kuishia juu ya 5 ni asilimia 49 tu. Zaidi ya nusu ya matokeo ni ya hasara, na wastani unaendelea kung’aa. Katika mazungumzo ya kila siku “mtu wa wastani” ni mtu wa katikati. Katika hesabu hii mtu wa katikati na wastani ni watu wawili. Pendekezo la kuhifadhi “wastani” kwa maana moja na kuisema “bei ya kati” kwa nyingine lifaa kuzingatiwa na wanaotunga istilahi.

Je, s hutoka wapi? Hukusanywa bei za kufungia kila wiki, ikatafutwa logi ya kila bei juu ya iliyoitangulia, kisha mkengeuko sanifu wa logi hizo ukazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 52, ambacho ni 7.21. Wiki zenye mkengeuko wa 0.0485 huzaa 0.35 kwa mwaka. Lakini hisa isiyouzwa siku nyingi huonyesha bei ile ile ya zamani, na utulivu huo wa uongo huifanya s ionekane ndogo. Na mwezi Machi 2008 hisa ya Safaricom haikuwa na bei hata moja ya soko. S yoyote ilikuwa ya kukisia kutokana na hisa nyingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Hisa ilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, ikapanda juu ya shilingi 7, kisha msukosuko wa fedha duniani ukaja na bei ikateremka. Mapema mwaka 2009 ilinunuliwa kwa chini ya shilingi 3. Kumi haikuonekana hadi zaidi ya miaka mitano kupita. Mwisho wa 2013 ndipo hisa ilipofunga mwaka juu ya kiwango hicho. Kwa s ya 0.35, uwezekano wa kuishia chini ya 3 baada ya mwaka ni asilimia 4, karibu sawa na ule wa kuishia juu ya 10. Badilisha s iwe 0.50 na kuacha m palepale: chini ya 3 ni asilimia 11, juu ya 10 ni asilimia 12. Kanuni ni ile ile na jedwali ni lile lile. Kilichobadilika ni makisio ya nambari moja. Wakala anayemtajia mnunuzi wa Karatina asilimia moja pekee amemficha hilo. Amtajie mbili, moja kwa kila s, na amwambie kama anazungumzia kufika au kuishia.