Kwa nini bomba halikubali tyuningi ya kawaida

Kipande cha bomba au shingo ya chupa kimenyooka. Ukikilaza juu ya nyuzi zote za gitaa, kinagusa zote mahali pamoja. Kwenye tyuningi ya kawaida, nyuzi tatu tu za katikati, D, G na B, ndizo zinazotoa kodi kamili ya meja (si ile ya TRA). Zilizobaki zinaharibu.

Kwa hiyo shusha uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja kwa sauti moja nzima. Sasa ukipiga gitaa bila kushika chochote unasikia G. Weka bomba freti ya 5 upate C, ya 7 upate D, na wimbo umepatikana. Keith Richards wa Rolling Stones aliung'oa kabisa uzi wa sita, akabaki na nyuzi tano.

Hapa Kibiti nilianza na gitaa ambalo nyuzi zake ziko chini mno, bomba likawa linakwaruza kwenye freti. Nilidhani bomba ni bovu. Kumbe lilitaka nyuzi nene zilizoinuliwa kidogo. Na bomba likae juu kabisa ya chuma cha freti, si nyuma yake kama kidole. Likirudi nyuma kidogo tu, sauti inashuka. Kidole kingine kilale nyuma ya bomba kunyamazisha makelele.

Kwenye tyuningi hii ya G, kodi za huzuni, yaani maina, ndizo zinazosumbua. Hapo mimi hurudi kwenye tyuningi ya kawaida.