Pesa Zimeliwa na Nani?

Tuambiane ukweli: swali la "andika katika kauli ya kutendwa" linafundishwa kama fomula. Vuta mtendwa mbele, bandika -wa mwisho, kwisha. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE ina alama 40 za matumizi ya lugha kati ya 80, na bado watoto wanaoniletea vitabu hapa Nchiru hawajui wabadilishe nini na waache nini.

Chukua sentensi ya kwetu: "Wakulima hawakuchuma miraa." Wengi wanaandika, "Miraa haijachumwa na wakulima." Inasikika poa, lakini ni makosa. Sentensi ya kwanza inasema siku imeisha, pikapu imeondoka, pesa hakuna. "Haijachumwa" inasema bado, labda jioni watachuma. Hizo ni habari mbili tofauti, muulize mkulima yeyote. Jibu ni "Miraa haikuchumwa na wakulima." Wa- inakuwa i- kwa sababu miraa sasa ndiyo kiima, na kitenzi kinapata -w-. Ile -ku- ya wakati uliopita haiguswi. Vivyo hivyo, "Wakulima huchuma miraa" inakuwa "Miraa huchumwa na wakulima." Ukiandika "inachumwa", umeua mazoea ukaleta jambo la leo.

Sasa tuje kwa mtenda. Kuna walimu wanaokata alama kila "na fulani" inapokosekana, na wengine wasiojali kabisa. Wote nawapinga. Swali la kuuliza ni moja: je, mtenda alikuwa anatuambia kitu? "Mtu ameiba kuku wangu" inakuwa "Kuku wangu ameibwa", na inatosha. Kuongeza "na mtu" ni kujaza karatasi tu, kwani nani mwingine angeiba? Kumkata mtoto alama hapo ni uonevu.

Lakini "Kamati imekula pesa za basari" ni kesi nyingine. Mtoto akiandika "Pesa za basari zimeliwa", wakati ni sahihi, upatanisho ni sahihi, na kamati imetoroka. Ukimpa alama zote, umemfundisha lugha ya taarifa za wakubwa: makosa yamefanywa, fedha zimetumika, na hakuna aliyefanya wala aliyetumia.

Najua utaniambia wasahihishaji wana karatasi nyingi mno, hawawezi kupima maana ya kila sentensi. Sawa. Basi mtunzi wa swali afanye kazi hiyo mapema: aseme "mtaje mtenda" anapomtaka, na asitoze alama kwa "na mtu" au "na watu". Mpaka hapo, mwanafunzi, kama swali limenyamaza na mtenda ana jina au cheo, mwandike. Herufi mbili tu, n na a, ndizo zinazoizuia kamati isitoke mlangoni.