Mfuko wa dawa wa mzee wako umeonwa na nani?

NDUGU msomaji, fungua kabati la mzazi wako uhesabu vidonge. Wazee wetu wengi wa Kibaha na Kisarawe hutibiwa mahali zaidi ya pamoja. Presha ina faili Tumbi, miguu ilitazamwa hospitali ya wilaya Kisarawe, dawa ya maumivu imetoka duka la jirani, na kopo la dawa lishe limeletwa na mtoto kutoka Dar es Salaam. Kila aliyetoa alitoa kwa nia njema, lakini hakuna aliyeona vyote kwa pamoja. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo lazima apatikane, na anayefaa zaidi ni mfamasia.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 72. Kwa presha anameza losatani na kidonge cha kuongeza mkojo. Kwa sukari anameza metformini na glibenklamidi. Ana aspirini ndogo ya kila siku, na diklofenaki ya magoti aliyojinunulia. Juu ya hivyo ana vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya habasoda. Analalamika kuwa presha haishuki, miguu imevimba, na alfajiri huamka akitetemeka na kutokwa jasho. Wanawe wanataka aongezewe dawa.

Mfamasia humwaga mfuko wote mezani, yakiwemo makopo na chupa zisizo na lebo. Kwa kila kimoja huuliza: nani alikupa, kwa ugonjwa gani, unameza saa ngapi, tangu lini? Husoma jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kiwanda, kwa sababu pakiti mbili za rangi tofauti huweza kuwa dawa ile ile. Kisha hulinganisha tarehe: tatizo lilianza kabla au baada ya dawa gani?

Kwa bibi huyu jicho lake litatua kwanza kwenye diklofenaki. Dawa hiyo huzuia maji na chumvi mwilini, ndiyo maana miguu inavimba na presha inapanda. Ikikutana na losatani na dawa ya mkojo, figo hupigwa kutoka pande tatu. Ikikutana na aspirini, tumbo huweza kuvuja damu, na vidonge vya kitunguu saumu huweza kuongeza hatari hiyo. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina tatizo. Linaloangaliwa ni kile kilichokolezwa katika kidonge.

Jasho la alfajiri ni dalili ya sukari kushuka mno. Glibenklamidi hukaa muda mrefu katika mwili wa mzee ambaye figo zake zimechoka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema haiwafai waliozidi miaka 60. Habasoda nayo huweza kushusha sukari kidogo. Tunaipenda habasoda majumbani mwetu, na mfamasia hataidharau. Anachotaka ni kujua kiasi gani kinamezwa na lini. Kuificha kwa kuona haya ndiko kunakodhuru.

Basi hafanyi nini? Hafuti dawa za daktari. Atashauri diklofenaki iachwe na magoti yatulizwe kwa parasetamo. Atasimamisha dawa lishe, kisha atamwandikia daktari barua fupi: glibenklamidi ibadilishwe, na damu ipimwe kreatinini na potasiamu. Sukari ipimwe alfajiri na presha ipimwe kwa wiki mbili, matokeo yaandikwe kwenye daftari. Mara nyingi mzee hurudi na vidonge vichache, si vingi.

Mipaka ipo. Unga usio na lebo hakuna anayeweza kuusemea, na baadhi ya unga wa namna hiyo umewahi kukutwa umechanganywa na dawa za hospitali. Tena, muuzaji wa duka la dawa muhimu si mfamasia. Muulize aliye hospitali au kwenye famasi. Na usimwachishe mzee dawa ghafla kwa sababu ya makala hii. Atenololi na predinisoloni, kwa mfano, zikikatwa ghafla huweza kumwangusha.

Wanaosema hospitali zina foleni hawajakosea. Lakini kazi hii hufanyika hata mara moja kwa mwaka, na kila dawa mpya inapoongezwa. Safari ijayo ya kliniki, usimpeleke mama na kadi peke yake. Mpeleke na mfuko mzima, habasoda ikiwemo.