"Shemeji Yetu Huyo!"

Wanachama wenzetu, safari hii tunazungumzia ombi dogo ambalo wengi wetu tunalitoa vibaya: kumwomba rafiki asiyaanike mapenzi yetu mapya mtandaoni.

Mwenzetu mmoja hapa Uingereza alikuwa amemwambia shoga yake, "Usimwambie mtu." Shoga akaitikia, na kweli hakumwambia mtu. Lakini usiku wa sherehe yetu ya Desemba alipiga picha ya wawili hao wakila pilau, akaiweka kwenye Status ya WhatsApp na maneno matatu: "Shemeji yetu huyo!" Ilikuwa saa nne usiku kwetu, saa saba Tanga. Asubuhi mwenzetu alipoamka kuomba ifutwe, Tanga watu walishaamka alfajiri zamani, na mama mdogo alishampigia mama mtu.

Picha peke yake isingemponza, kwani watu wawili na sahani ya pilau si habari. Lililomponza ni neno "shemeji". Hapa chuoni tunaitana hivyo kwa utani, lakini nyumbani neno hilo ni la ukoo, na mama akilisikia anauliza posa ililetwa lini na nani aliipokea. Kilichomuumiza zaidi si mapenzi yenyewe, bali kuambiwa na mdogo wake.

Kosa lilikuwa katika ombi. Kwa shoga yule, kuweka Status si "kumwambia mtu". Basi tutaje kitu chenyewe, sababu yake na mwisho wake, tena kabla ya shughuli, simu hazijatolewa. Kwa mfano:

"Shoga, nyumbani bado hawajui. Naomba usituweke pamoja kwenye Status wala Instagram, na usiandike 'shemeji' hata chini ya picha ya mtu mwingine. Nitazungumza na mama mwenyewe likizo ya Pasaka, nikishamaliza nitakwambia."

Mwisho huo unasaidia, maana siri isiyo na siku humchosha anayeitunza. Wala tusimtume rafiki kusema uongo. Mama akimuuliza, inatosha ajibu, "Mama, hilo muulize mwenyewe."

Rafiki akisema atawaficha tu jamaa zetu kwenye mipangilio ya Status, tukumbuke mambo mawili. Mabadiliko hayo hayagusi picha iliyokwisha kuwekwa. Tena yanawazuia wale tu anaowajua yeye, na hajui kwamba jirani yake wa Tanga ni rafiki wa mama mdogo wetu. Status hukaa saa 24, lakini picha ya skrini haina saa.

Ikishatoka, tumwombe aifute, kisha tumpigie mama simu kabla ya kuanza kugombana na shoga. Mwenzetu alianza na ugomvi, na mama akangoja hadi jioni.