Kikadi cha Shukrani Juu ya Halwa ya Arusi

Mama mmoja anayemwoza binti yake ametuuliza juu ya vile vikadi vidogo vinavyofungwa kwa utepe juu ya viboksi vya halwa, wapewavyo wageni waendapo zao. Wageni wake ni 300. Amependa kuandika Bismillahi kwa khati ya Kiarabu, chini yake Aya ya 21 ya Sura Ar-Rum, kisha majina ya maarusi na shukrani. Ataka kujua karatasi gani imfae.

Tutamjibu la karatasi, lakini kwanza tumwombe afuate kikadi chake kiendako. Halwa hufunguliwa pale pale uani kwa msikiti, kahawa ikipita. Mgeni hukata utepe, hula, hujifuta vidole kwa chochote kilicho karibu, na kikadi huanguka mkekani. Baada ya saa moja vijana hufagia. Hapana aliyekusudia ubaya, ilhali maneno ya Mwenyezi Mungu yamekanyagwa na kutiwa jaani pamoja na makombo. Wanavyuoni wetu wamekataza kuliandika Jina lake juu ya kitu kitakachotupwa, na kikadi hiki chatengenezwa kwa kutupwa. Aya hiyo yafaa iandikwe kwa khati nzuri na kutiwa fremu, itundikwe penye mlango wa ukumbi, kisha maarusi waichukue nyumbani kwao.

Hukumu hiyo yaingia pia katika neno ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni Jazakumullahu khayran, kwani Jina limo ndani yake. Dua hiyo mwenye arusi aitamke kwa ulimi akimpa mgeni mkono. Na bwana arusi akiwa jina lake Abdallah, kikadi na kiseme ‘wazazi wa maarusi’ tu. Kwa kweli wao ndio walioalika, na kushukuru ni juu yao. Twapendekeza maneno haya: ‘Mmetufurahisha kwa kuja kwenu. Ahsanteni sana. Wazazi wa bibi arusi na bwana arusi.’ Hayo yatosha, na mzee asiye na miwani atayasoma.

Chini yake hutiwa tarehe, na hapa wengi hukosea. Vikadi hupigwa chapa wiki mbili au tatu kabla, na mwezi mpya huenda haujaandama. Ukiandama siku moja mbele au nyuma ya hesabu ya kalenda, vikadi vyote 300 vina tarehe ya uwongo. Tena usiku wetu hutangulia mchana: ndoa ikifungwa Ijumaa baada ya Alasiri, na kupamba kukawa usiku ule, basi mambo hayo mawili yana tarehe mbili za Kiislamu. Aandike mwezi na mwaka peke yake.

Sasa karatasi. Ile ya kawaida ya ofisini, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, hujikunja, na utepe huichana penye tundu. Achukue ya gramu 200 hadi 250, ila aulize kwanza kama mashine yake yaweza kuimeza, kwani nyingi za nyumbani hukwama. Kikadi cha sentimita 5 kwa 9 hutoka 12 katika karatasi moja ya A4, nne kwa upana na tatu kwa urefu. Kwa wageni 300 ni karatasi 25. Aongeze tatu kwa zitakazoharibika. Tundu liwe mbali na ukingo kiasi cha sentimita moja.

Limebaki jambo la wino, nalo ndilo liharibulo vikadi vingi vya pwani. Mashine zenye wino wa maji huchapa rangi nzuri, lakini sisi huwanyunyizia wageni marashi. Tone moja la mrashi likiangukia maandishi, herufi huvuja na kuwa doa la buluu. Achape kikadi kimoja, akiache usiku kucha, asubuhi alowanishe kidole kwa marashi na kupitisha juu ya maneno. Wino ukifuata kidole, apeleke kazi hiyo kwa mpiga chapa mwenye mashine ya wino wa unga, ambao hubanwa kwa moto na hauvuji kwa maji.

Samli ya halwa nayo hupenya kiboksi cha karatasi na kukitia kikadi madoa. Halwa ifungwe kwanza katika karatasi isiyopitisha mafuta, na kikadi kining'inie kwa utepe, kisigandishwe juu ya kifuniko. Utepe wa sentimita 30 kwa kila kikadi ni mita 90 kwa jumla, na kuvifunga vyote ni kazi ya mashoga wanne kwa jioni moja.